Soma kutoka mwisho: namna ya kukagua karatasi kabla ya kuweka sahihi

Macho ya msomaji hayateleza juu ya mstari kama gari kwenye lami. Yanaruka. Yanatua sehemu moja kwa muda mfupi sana, yanaruka tena, na yale yaliyorukwa akili inayajaza yenyewe kwa kukisia. Ndiyo maana aliyeandika barua anaweza kuisoma mara tano asione kosa ambalo jirani analiona mara moja. Yeye anajua alichotaka kusema, kwa hiyo anasoma kilichomo kichwani mwake badala ya kilichomo kwenye karatasi.

Kwa Kiswahili jambo hili lina hatari ya pekee. Maneno yetu ni marefu, na mara nyingi maana yote imebebwa na silabi moja. Atalipa na hatalipa vinatofautiana kwa herufi moja tu. Aliyelipa na asiyelipa navyo vinafanana sana kwa jicho lenye haraka. Kompyuta haitakuonya, kwa sababu yote ni maneno sahihi.

Niliona hayo vizuri wakati Mama Mkubwa wangu alipotaka kumkodisha kijana mmoja kipande cha shamba kule Nyandira, Mgeta, alime kabichi na karoti. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo karatasi ile haikuwa yake peke yake. Ilituhusu sisi tuliozaliwa na wadogo zake, na watoto wetu. Makubaliano tuliyaandika kwa mkono kwenye daftari, kisha nikayapeleka kuchapwa kwenye duka la steshenari mjini Morogoro. Ikarudi karatasi moja safi, mistari imenyooka. Uzuri wake ndio uliofanya kila mtu atake kuweka sahihi siku ileile. Nikaomba tulale nayo, tuikague kesho yake macho yakiwa mapya.

Njia ya kwanza ni kusoma kinyumenyume, neno kwa neno. Anza na neno la mwisho la ukurasa, lifunike lililo kabla yake kwa rula au bahasha, kisha rudi nyuma ukitaja kila neno kwa sauti, silabi moja moja. Ukisoma hivyo hakuna hadithi ya kufuata, kwa hiyo akili haina cha kukisia. Kiswahili kinatusaidia hapa kwa sababu tunaandika kama tunavyotamka: kilichoandikwa vibaya hutamkika vibaya.

Kazi hii nilimpa mwanangu wa darasa la tatu. Mtoto ambaye bado anasoma kwa silabi ni mkaguzi mzuri kuliko mtu mzima, maana hajazoea kuruka. Akasoma "Nya-ndri-a" akasita, akaniuliza ni wapi huko. Mimi jina la Nyandira nimelijua tangu utotoni, na nilikuwa nimelipita mara mbili bila kuona i na r zimebadilishana nafasi. Akapata pia "ya ya", moja mwisho wa mstari na nyingine mwanzo wa mstari uliofuata. Hapo ndipo maneno yaliyorudiwa hupenda kujificha.

Lakini njia hiyo ina mpaka wake. Karatasi ilikuwa na sentensi hii: "Mpangaji ataruhusiwa kukata miparachichi iliyoko shambani bila idhini ya mwenye shamba." Isome kinyumenyume: shamba, mwenye, ya, idhini, bila, shambani, iliyoko, miparachichi, kukata, ataruhusiwa, mpangaji. Kila neno ni zima, na mwanangu alipita salama. Kwenye daftari tulikuwa tumeandika "hataruhusiwa". Herufi moja ilikuwa imeanguka, na kwa herufi hiyo miti ya ukoo ilikuwa imepewa ruhusa ya kukatwa.

Kosa la namna hiyo linahitaji njia ya pili: watu wawili. Mmoja anashika karatasi iliyochapwa na kuisoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole kwenye maandishi ya mwanzo. Wachapaji wa vitabu na magazeti wamefanya hivyo tangu zamani, na walitaja hata mkato na nukta. Anayesoma asiwe yule aliyeandika, maana mdomo nao hukisia kama jicho. Mwandishi akikuta "ataruhusiwa" mdomo wake utasema "hataruhusiwa" bila yeye kujua. Isitoshe, h ni nyepesi mdomoni na wengi huimeza wakienda haraka. Kwa hiyo soma polepole, na kila kitendo kikifika kitamke kwa silabi.

Aliyesoma alikuwa binti wa dada yangu, ambaye hakuwa ameliona daftari. Aliposema "a-ta-ru-hu-si-wa", kidole changu kilikuwa juu ya "ha". Nikamwambia arudie. Akarudia vilevile, tukapiga mstari.

Tarakimu nazo zina usomaji wake. Usizisome kama kiasi, zitaje moja moja. Kodi ya mwaka tulikubaliana 450,000. Karatasi iliandika "Sh. 45,000 (shilingi laki nne na nusu)". Jicho linaposoma hayo maneno ya kwenye mabano linaridhika, halirudi kuhesabu sifuri. Binti akataja: nne, tano, sifuri, sifuri, sifuri. Kwenye daftari palikuwa na sifuri nne. Fanya hivyo kwa tarehe, namba za simu na namba za vitambulisho pia.

Ukiwa peke yako huna wa kukusomea, kuna njia ya katikati: soma sentensi ya mwisho yote, kisha iliyo kabla yake, mpaka ufike juu. Kila sentensi ikisimama peke yake, pigia mstari kitendo chake na ujiulize: ni nani, na anaruhusiwa au anakatazwa? Njia hii si kali kama ya watu wawili, lakini inakuzuia kubebwa na mtiririko.

Hizo zote zinalinganisha maandishi na maandishi. Haziwezi kujua kama daftari lenyewe limesema kweli. Kwa hilo anahitajika mtu anayelijua jambo, hata kama hajui kusoma. Mama Mkubwa hasomi. Baada ya kusahihisha tulimpigia kaka, naye akamsomea yote kule kijijini, sentensi moja moja, akisubiri aseme "ndiyo" kabla ya kuendelea. Walipofika kwenye mipaka akamkatiza.

"Hapo mwanangu rudia. Upande wa mashariki umesema njia?"

"Ndiyo, mama. Imeandikwa njia."

"Siyo njia. Ni korongo. Njia imehama mara mbili tangu niolewe, korongo lipo palepale."

Kosa hilo lilikuwemo tangu kwenye daftari, tulipoandika wenyewe tukiwa mjini. Kusoma kinyumenyume kusingelipata hata mara mia. Katika karatasi nyingi mtu asiyesoma hutia dole gumba chini ya maneno kwamba amesomewa na ameelewa. Mara nyingi husomewa haraka, mara moja, wengine wakiwa tayari wameshika kalamu. Ukiwa na mzazi wa namna hiyo, msomee siku moja kabla, akiwa amekaa kwake, na umwache akukatize.

Karatasi ilirudishwa steshenari kwa marekebisho manne na lile la korongo. Ilipotoka tuliikagua upya yote, siyo mistari iliyorekebishwa tu, kwa sababu mkono unaosahihisha pale juu unaweza kufuta kitu pale chini.