Mtoto ni wa Nani? Venye Utumwa Ulijenga Ngazi ya Rangi

Wiki jana chini ya vidio yangu ya nywele, kuna msee aliandika neno moja tu: adoon. Kama hujakulia Isiolo, hilo ni neno la Kisomali, maana yake mtumwa. Aliyeitwa hivyo ni dem mmoja aliyekuwa ameuliza tu bei ya mafuta. Hajawahi kumilikiwa na mtu, wala nyanya yake hajawahi. Lakini nywele zake ni ngumu, na kwa huyo msee hiyo ilitosha kujua mahali pake.

Sisi tusijifanye watakatifu. Waswahili wana mshenzi na mtumwa, na kila kabila la hapa mjini lina neno lake la kumweka mtu chini. Swali langu ni lingine: nywele na rangi ya ngozi vilianzaje kusoma kama cheo? Watu wengi wanadhani hiyo dharau ni ya tangu Adamu, ati watu walionana tofauti wakaanza kudharauliana, halafu utumwa ukafuata. Dharau ilikuwepo kitambo, sikatai. Lakini ile ngazi yenyewe, wanadamu wote wakipangwa juu hadi chini kwa rangi, ina mahali ilijengwa na ina sheria zake. Unaweza hata kuona misumari ikipigwa mmoja mmoja.

Nitaanzia mbali kidogo, Virginia, Amerika, kwa mwanamke anaitwa Elizabeth Key. Alizaliwa karibu mwaka wa 1630. Babake, Thomas Key, alikuwa Mwingereza na mjumbe wa bunge la koloni. Mamake alikuwa Mwafrika aliyefanywa mtumwa. Elizabeth akiwa mdogo, babake alimweka kwa mtu mwingine kama mtumishi wa mkataba, miaka 9, kisha awe huru. Enzi hizo hata Waingereza maskini walikuwa wanatumikishwa hivyo kwa miaka kadhaa kwenye mashamba ya tumbaku. Lakini baba akafa, mkataba ukapita kutoka mkono hadi mkono, na ile miaka 9 ikawa zaidi ya 15. Bwana wake wa mwisho alipokufa 1655, waliokuwa wanagawa mali yake wakamhesabu Elizabeth kama mtumwa wa maisha.

Elizabeth akaenda mahakamani, akisaidiwa na kijana Mwingereza, William Grinstead, ambaye alikuwa amezaa naye mtoto. Alikuwa na hoja 3. Kwanza, babangu ni mtu huru, na kwa desturi ya Uingereza mtoto hufuata baba. Pili, mimi ni Mkristo niliyebatizwa. Tatu, miaka ya mkataba wangu iliisha kitambo. Mahakama moja ikakubali, nyingine ikakataa, kesi ikafika hadi bunge la koloni, na mwisho, 1656, akapata uhuru wake. Wakaoana na Grinstead.

Angalia hiyo kesi vizuri. Hakuna mtu aliyeweza kusimama na kusema, wewe ni mweusi kwa hivyo ni mtumwa, kesi imeisha. Ilibidi wabishane juu ya baba, ubatizo na mkataba. Yaani 1656 bado kulikuwa na milango.

Sasa angalia wenye mashamba walifanya nini. Mwaka wa 1662 bunge la Virginia likapitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata babake akiwa nani. Mlango wa kwanza ukafungwa. Mwaka wa 1667 wakapitisha nyingine: ubatizo haubadilishi hali ya mtumwa. Mlango wa pili ukafungwa. Na mtu aliyezaliwa mtumwa hana mkataba wa kuisha, kwa hivyo wa tatu ukajifunga wenyewe. Ni kama mtu alichukua faili ya Elizabeth, akaweka tiki kwenye kila hoja iliyomwokoa, akahakikisha hakuna mwingine atapita hapo.

Fikiria ile sheria ya 1662 inamaanisha nini kwa pesa. Bwana akimlazimisha mwanamke aliyemmiliki, hapati aibu, anapata mali. Mtoto wake wa damu anaingia kwenye hesabu ya shamba. Na juu mama ni Mwafrika, utumwa ukaanza kushika ngozi. Ukabila unaweza kuficha, dini unaweza kubadilisha, lugha unaweza kujifunza. Ngozi utaenda nayo wapi?

Hapa nyumbani utumwa ulikuwepo pia, na ulikuwa mchungu. Mashamba ya karafuu ya Zanzibari na ya nafaka huko Malindi yalilimwa na watu waliotekwa bara. Lakini kanuni ya mtoto ilikuwa kinyume. Kwa sheria ya Kiislamu, suria akizaa na bwana wake, mtoto ni huru na anafuata baba. Ndio maana Sayyid Barghash, mama yake akiwa suria Mhabeshi, alikaa kwenye kiti cha usultani Zanzibari kuanzia 1870 hadi 1888. Huko Virginia mtu kama huyo angeuzwa. Sisemi pwani ilikuwa na huruma. Mtoto wa watumwa wawili alibaki mtumwa, na vizazi vya watu waliopelekwa kusini mwa Somalia kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi, wale wanaoitwa jareer, yaani wenye nywele ngumu, bado wanabeba jina hilo hadi leo. Ninachosema ni kwamba kanuni moja iliacha mlango na nyingine ikaufunga. Ule uliofungwa ndio uliozaa ngazi iliyozunguka dunia.

Mimi hii kitu inanigusa. Mamangu ni Mmeru, babangu ni Mborana. Isiolo mtu akiniuliza mimi ni wa wapi, anamaanisha wa baba nani. Kwa hivyo mimi ni Mborana, imeisha. Kama tungekuwa na kanuni ya 1662, ningekuwa mtu mwingine kabisa, na damu ni ile ile. Hapo ndio niliona kwamba hizi hesabu za nani ni nani hazitoki kwa damu. Zinatoka kwa mtu aliyeandika sheria, na kwa kile alichotaka kupata.

Turudi Virginia kidogo. Mwaka wa 1676 kulitokea uasi. Wazungu maskini na Waafrika wakabeba silaha pamoja, mji mkuu wa Jamestown ukachomwa. Wenye mashamba wakaona hatari ya hao watu kuwa pamoja. Sheria kubwa ya 1705 ikawatenga vizuri. Mtumishi mzungu akimaliza mkataba apewe mahindi, shilingi 30 na bunduki. Asichapwe uchi bila amri ya hakimu. Mtumwa mweusi, kwa upande mwingine, hata ng'ombe na nguruwe wake wachukuliwe wauzwe. Mwafrika huru, hata Mkristo, asimiliki mtumishi mzungu. Mzungu maskini hakupewa shamba kubwa, lakini alipewa mtu wa kumwangalia kutoka juu.

Vitabu vya kueleza kwamba ngazi hiyo ni maumbile vilikuja baadaye. Edward Long, aliyekuwa na shamba la watumwa Jamaika, aliandika historia ya kisiwa hicho mwaka wa 1774, akiwaweka watu weusi karibu na nyani. Sheria ya 1662 ilikuwa na miaka 112 tayari. Kwanza faida, halafu sheria, halafu ndio ikaja ile waliyoiita sayansi. Waafrika karibu milioni 12.5 walipakiwa merikebuni katika historia nzima ya biashara ile ya Atlantiki, na mtu anayefanya hivyo anahitaji sababu ya kulala usiku.

Utumwa ukaisha, ngazi ikabaki. Waingereza walifuta utumwa kwenye pwani ya Kenya mwaka wa 1907, na serikali hiyo hiyo ikatupanga: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Hospitali tofauti, shule tofauti, kodi tofauti. Na kwa Wasomali na jamii nyingine za kaskazini wakaleta hadithi ya Wahamiti, ati hawa si Waafrika kamili, wako ngazi moja juu.

Hapo ndio inaingia Isiolo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali wa Isaaq na Herti waliotumikia jeshi la Mwingereza walikaa hapa. Mwaka wa 1936 ikaja sheria ya kodi: Mhindi atalipa shilingi 30, Msomali shilingi 20. Waisaaq wakagoma. Hawakugoma kupunguziwa. Waligoma wakitaka kulipa 30! Walisema asili yao ni Uarabuni, kwa hivyo ni watu wa Asia, na wakapeleka malalamiko hadi London. Serikali ilikataa.

Watu wakisikia hiyo stori wanacheka. Mimi sicheki. Hao wazee walijua hesabu. Shilingi 10 za ziada zilikuwa bei ya kutohesabiwa na walio chini kabisa, na chini kabisa hukuwa na haki ya kutembea bila kipande. Kila mtu aliye kwenye ngazi anaangalia kidato kilicho juu yake, na anasukuma mguu wa aliye chini. Ngazi inajilinda hivyo. Haihitaji Mzungu tena, inahitaji tu sisi tuendelee kugombania kidato.

Kwa hivyo ukiandika adoon kwa mtu juu ya nywele zake, hutumii mila ya babu yako pekee. Unatumia pia wazo ambalo wenye mashamba ya tumbaku walilipigilia misumari, kwamba mwili wa mtu ni cheti cha cheo chake. Mila ya babu yako angalau ingeuliza baba yake ni nani.

Wale wazee wa 1936 walikuwa tayari kulipa shilingi 10 zaidi kupanda kidato kimoja. Niambie kwa komenti, wewe leo unalipa nini: krimu ya kuchubua, jina la ukoo unalolitaja haraka, ama rafiki unayemkana mbele ya watu?