Sijambo Kidogo

Neno "sijambo", likichambuliwa, ni kanusho. "Hujambo?" ni kuuliza kama mtu hana jambo, na "sijambo" ni kujibu kwamba hana. Basi kila asubuhi, kuanzia Darajani hadi Forodhani, maelfu ya watu wenye mambo mazito vifuani mwao hukanusha kwamba wana jambo, na hapana anayewaita waongo. Salamu ya Mswahili haikuwekwa kwanza ili kutafuta habari. Imewekwa ili watu wawili wajuliane kwamba baina yao pana amani. Anayejibu "njema" hajaeleza hali yake; amekubali tu kuwa mwenziwe ni mtu wa kusalimiwa.

Vivyo hivyo, asemaye "alhamdulillahi" hakusema kuwa yu mzima. Ameshukuru, na shukrani hutolewa katika kila hali, ya heri na ya dhiki. Ama "shikamoo" haina hata swali ndani yake. Mkubwa huitikia "marahaba", kisha yeye ndiye amuulizaye mdogo kama hajambo. Kwa sababu hiyo mzee aweza kuamkiwa na watu thelathini kwa siku asiulizwe hali na hata mmoja. Mjukuu atakaye kujua babu yake ameamkaje hana budi kuanza swali jipya baada ya marahaba.

Hata hivyo lugha haikumfungia mtu mlango. Imemwachia vijilango viwili vidogo. Wa kwanza ni neno "ila". Barua za zamani zilikuwa na ada hii: mwandishi huanza kwa kusema kwamba wote ni wazima wa afya, kisha huandika, "ila bibi ametutoka Jumatatu iliyopita." Mgeni wa lugha angeona hapo kichekesho, lakini mpokeaji wa barua alifahamu vyema. Uzima wa mwanzo ni heshima ya salamu, na habari yenyewe inakuja nyuma yake. Kijilango cha pili ni "kidogo". Asemaye "sijambo kidogo" amekwisha kusema kwamba lipo jambo, na amemwachia msikilizaji hiari ya kuuliza au kupita.

Yuko fundi mmoja wa kanzu, Ng'ambo ya Mji wa Unguja, ambaye macho yake yalianza kuingia ukungu. Uzi ulikataa kupita katika tundu ya sindano, na taa ya usiku aliiona imezungukwa na duara la mwanga. Rangi nyeupe na rangi ya maziwa, ambazo mshoni wa kanzu hana budi kuzipambanua, zikawa kwake kitu kimoja. Haya yalimzidia katika mwezi wa Ramadhani, wakati kila mtu anataka kanzu ya Idi. Siku moja aliulizwa hali na watu watano, na majibu yake yafaa kupimwa moja moja.

Wa kwanza alikuwa kijana juu ya baiskeli. "Fundi, habari za asubuhi?" Akajibu, "Njema." Baiskeli haikusimama, na swali lisilosimama halidai jibu linalosimama.

Wa pili alikuwa mteja. "Habari za kazi, fundi?" Hapa "njema" peke yake isingetosha, kwani mwenye kuuliza ana haki ndani ya jibu. Anauliza kazi, na muradi wake ni kanzu yake. Fundi akasema, "Njema, ila usiku siioni tarizi vyema. Kanzu yako nitaimaliza, ya ndugu yako mpelekee mwengine." Hakusimulia ugonjwa, alitoa sehemu ile tu ya ukweli iliyomhusu mteja. Mteja alinuna, lakini siku ya Idi hakukosa nguo.

Wa tatu alikuwa jirani, barazani, mbele ya wanaume sita. Fundi akajibu, "Alhamdulillahi." Jirani huyo si mtu mbaya, ila jibu litolewalo barazani hupewa wote waliokaa, na kabla ya magharibi lingekuwa limefika kwa kila mteja likiwa limeongezwa: fundi amepofuka.

Wa nne alikuwa mwanawe, aliyepiga simu kutoka Maskati. "Habari za huko, baba?" Nyuma ya sauti yake honi zililia, alikuwa garini, njiani kwenda kazini. Mwana ana haki ya kujua kuliko wote, lakini saa ile haikuwa saa yake. Baba akasema, "Wazima. Ukipumzika, nipigie, nina neno." Jibu hilo halikuficha wala halikumwaga. Aliuahirisha ukweli na akauwekea ahadi, na ahadi ndiyo itenganishayo kuahirisha na kuficha.

Wa tano alikuwa sahibu yake wa tangu chuoni. Walitoka pamoja katika sala ya tarawehe, wakasalimiana kama ada, nyumbani, watoto, kazi. Zilipokwisha, sahibu hakuuachia mkono. Akateremsha sauti: "Na wewe mwenyewe hasa, hujambo?" Hilo ni swali la pili, nalo si salamu tena. Alama zake zilikuwa wazi: miguu imesimama, mkono haujaachiwa, hapana wa tatu, na anayeulizwa ni yeye mwenyewe. Fundi akajibu, "Sijambo kidogo. Macho yananipa tabu tangu Mfungo Sita. Naogopa kwenda kupimwa peke yangu."

Jibu hilo lilikuwa na viungo vitatu: ni nini, tangu lini, na anataka nini. Hicho cha mwisho ndicho kisahauliwacho mara nyingi. Msikilizaji asiyejua anatakiwa nini hukimbilia kutoa dawa za mitishamba na visa vya wagonjwa wengine. Sahibu huyu alijua kazi yake ni kusindikiza tu. Asubuhi ya pili walikwenda, na daktari akaona ni mtoto wa jicho, ambaye hutibiwa kwa kuondoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyengine ya kutengenezwa. Lakini ukungu wa macho una sababu nyingi. Ingekuwa ni presha ya macho, nuru iliyokwisha kupotea isingerudi, na kila "njema" ya kumficha sahibu ingekuwa imekula sehemu ya nuru iliyobaki. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakumlazimisha mtu kumwambia kila mpita njia. Waliogopa kwamba asingemwambia hata mmoja.

Kuna na kosa la upande wa pili. Wapo ambao, wakiisha kuonja nafuu ya kusema kweli, humsimamisha kila muulizaji. Dalili zake si ngumu kuzijua: msikilizaji huanza kuitikia "eh, eh" kabla sentensi haijakwisha, huangalia njia, na wiki ijayo husalimia kwa mbali. Mtu huyo hakukosa huruma. Alidaiwa zaidi ya alichoahidi.

Jibu la kweli likisemwa mahali pake huleta "pole". Nayo pole ina kitikio chake cha zamani: "Nimeshapoa." Huenda hajapoa bado, na wote wawili wanajua. Lakini kwa neno hilo mwenye jambo hulifunga mwenyewe lile alilolifungua, humshukuru aliyesikiliza na kumpa ruhusa ya kwenda zake. Kisha humuuliza, na safari hii kwa kusimama: "Na wewe je, hujambo?"