Barua kwa Mpiga Picha

Je, Mkristo anaruhusiwa kuandika barua ya madai? Swali hili tuliletewa hapa nyumbani kwa mchungaji, Mponde, na mume na mke waliofunga ndoa usharikani mwezi Desemba. Mpiga picha wao alitoka mjini, akapiga picha tangu ibada hadi usiku wa sherehe, akaahidi kuzileta baada ya wiki 4. Mwezi Juni ulifika wakiwa hawajapokea hata moja. Simu zilipokelewa mara moja moja, na kila mara jibu lilikuwa "wiki ijayo". Katikati ya kungoja huko, mwezi Machi, bibi yake bibi harusi alifariki. Picha zake za mwisho zilikuwa katika kamera ya yule kijana.

Mume alitaka fedha zirudi na jina la mpiga picha litangazwe katika kila kundi la simu. Mke alitaka wamsamehe, yaishe. Sisi tuliona kwamba wote wawili walikuwa wanaruka hatua.

Katika chuo cha theolojia tulisoma Katekisimo Kubwa ya Martin Luther ya mwaka 1529. Akieleza Amri ya Saba, Luther hamwachii wizi yule tu avunjaye mlango usiku. Anamhesabu pia fundi na kibarua anayepokea ujira na kuiharibu kazi kwa uzembe. Basi madai ya wanandoa hawa hayakuwa uchoyo. Lakini Amri ya Nane inafuata mara moja, nayo inalilinda jina la jirani. Kumwita mtu mwizi mbele ya watu mia mbili kabla hujajua kilichompata ni kuvunja amri moja kwa kuitetea nyingine. Bwana Yesu katika Mathayo 18 anatoa mpangilio: kwanza nenda kwake peke yako, kisha chukua mashahidi, ndipo jambo lipelekwe mbele. Simu za miezi mitano zilikuwa hatua ya kwanza. Barua yenye mashahidi ndiyo ya pili.

Kabla ya kuandika tulikusanya ushahidi. Makubaliano yao yalikuwa ya mdomo, na wengi hudhani mkataba wa mdomo hauna nguvu. Sivyo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, haidai kwamba kila mkataba uandikwe, ila aliyeahidiwa atahitaji kuonyesha ni nini kilichoahidiwa. Bei ilikuwa shilingi 700,000: kianzio 400,000, siku ya harusi 200,000, na 100,000 wakati wa kukabidhi albamu. Ugumu ulikuwa kwamba fedha zilitokana na michango, na aliyezituma ni mweka hazina wa kamati ya harusi kwa simu yake. Kwa hiyo ujumbe wa miamala ulikuwa na jina lake, si la wanandoa. Tulimwomba auhifadhi, akaandika mistari mitatu kueleza kwamba alilipa kwa niaba yao, akatia sahihi. Ujumbe wa mpiga picha mwenyewe, ule wa "wiki ijayo", nao ulihifadhiwa, kwa kuwa ndani yake anakiri kwamba kazi alipewa na picha anadaiwa.

Kisha tuliuliza: wanachotaka hasa ni nini? Barua nyingi za namna hii husema tu, "leta picha au rudisha fedha." Kwa deni la saruji hiyo inatosha, maana saruji utanunua kwingine. Harusi haipigwi picha mara ya pili, na bibi amezikwa. Barua ikiishia hapo, mpiga picha anaweza kurudisha fedha, akafuta picha, akasema ametimiza. Kwa hiyo fedha zilipaswa kuja nyuma ya picha, wala zisichukue nafasi yake.

Tulihitaji pia kujua kama picha zipo. Mpiga picha akichelewa, mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ama amekubali harusi nyingi kuliko uwezo wake wa kuzihariri, ama picha zimepotea, kadi ya kamera imeharibika au kompyuta imekufa, naye anaona aibu kusema. Kuna namna ya kutofautisha: mwombe picha 10 zisizohaririwa, kama zilivyotoka kwenye kamera. Mwenye picha anaweza kuzituma jioni hiyo hiyo. Asiye nazo atazungumzia uhariri tena. Na kama kadi imeharibika, isitumike tena kwa kazi nyingine, maana picha zilizofutika mara nyingi huokolewa na fundi mradi hakuna kipya kilichoandikwa juu yake.

Barua ilijaa ukurasa mmoja. Ilianza kwa tarehe ya harusi, makubaliano na malipo, bila neno la matusi. Kiini chake kilikuwa hiki:

"Tunaomba utukabidhi picha zote ulizopiga, zilizohaririwa au zisizohaririwa, kabla au ifikapo Jumamosi tarehe 28 Juni. Kama sehemu yake imepotea, tuandikie ni ipi na ilipoteaje, na kadi usiitumie. Usipokabidhi ifikapo siku hiyo, tunadai urudishe shilingi 600,000 ulizopokea. Kurudisha fedha hakutakuondolea wajibu wa kutukabidhi picha zozote zilizopo. Tusipopata jibu, tutapeleka madai Mahakama ya Mwanzo."

Tulitaja siku ya kalenda kwa sababu "haraka iwezekanavyo" haina mwisho. Tulimpa siku 14, muda ambao mtu mkweli angeweza kuutumia. Tulidai 600,000, si 700,000, kwa kuwa mia ya mwisho haikulipwa. Mume alitaka kuongeza milioni moja kwa ajili ya uchungu, tukamshauri aache. Sheria hufidia hasara inayotokana na kuvunjwa kwa mkataba kwa kawaida yake, na dai lililotiwa chumvi hudhoofisha lile la kweli. Wanandoa walitia sahihi, mzee mmoja wa usharika akashuhudia. Nakala moja ilipelekwa kwa mkono, akasaini kuipokea. Nyingine ilitumwa kwa picha kwenye simu yake.

Siku ya tisa alikuja mwenyewe. Alikuwa na kadi mbili siku ile ya harusi. Ya sherehe iliharibika wiki hiyo hiyo, naye alikuwa akitumaini miezi yote kwamba itafufuka. Ya ibada ilikuwa salama: picha 312, hazijahaririwa. Bibi yumo katika nne, moja amefumba macho, zote nje ya kanisa.

Walikaa wakahesabu. Alirudisha 300,000, nusu akilipa hapo hapo na nusu mwezi Agosti, na makubaliano hayo nayo yakaandikwa na kusainiwa. Kadi iliyoharibika aliiacha kwao, wampelekee fundi wamtakaye. Hadi tunaandika haya, fundi ameokoa picha 17. Mke aliomba kumsamehe mbele yetu, naye alikuwa anajua sasa anamsamehe nini.

Tangu hapo, katika mafundisho ya ndoa, tunawaomba wachumba waandike na mpiga picha ukurasa mmoja wenye mambo manne: siku ya kukabidhi, nani analipa na kwa simu ya nani, salio libaki kiasi gani hadi picha zifike, na kwamba picha zisizohaririwa zitanakiliwa kwenye flashi ya wanandoa ndani ya siku 3 baada ya harusi.