Udongo ule ule katika kamera tatu

Hapa Lubumbashi, sisi tunaopiga filme ndogo za mitaani tunafanya kazi na kamera tunazozipata. Kwa filme ya mama mmoja aliyekimbia Mitwaba, tulikuwa na telefone ya Android, Canon ya zamani na Sony ya kukopa. Alitueleza safari yake mbele ya nyumba anamopanga, komine ya Ruashi, jua la saa kumi za mchana. Lakini kwenye montaji, uso wake ulikuwa wa kibuluu katika telefone, wa manjano katika Canon, na katika Sony ulififia kama umefunikwa na vumbi.

Hilo si jambo la urembo tu. Rangi zikiruka katikati ya sentensi, mtazamaji anafikiri maneno yameokotwa siku mbalimbali na kuunganishwa. Na waliokimbia vita wamechoka kuambiwa kwamba video zao ni za uongo.

Tunatumia DaVinci Resolve, ile ya bure. Tulianza na Sony, kwa sababu ilirekodi kwa `S-Log3`. Namna hiyo inabana mwanga na kivuli ili visipotee, lakini haikufanywa kutazamwa hivyo ilivyo. Tuliweka `Color Space Transform`: kuingia ni `Sony S-Gamut3.Cine` na `Sony S-Log3`, kutoka ni `Rec.709` na `Gamma 2.4`. Ule ukungu ukaondoka. Telefone na Canon hazikuhitaji hatua hiyo, maana zilirekodi rangi za kawaida.

Kisha tulichagua kiongozi wa mwangaza. Wengi wanachagua kamera nzuri kuliko zote. Sisi tunachagua ile dhaifu, yaani telefone. Picha yake ukiivuta sana inatoa madoa na mistari, lakini ile ya Sony inaweza kusogea mbali bila kuharibika. Kwa hiyo mwenye nguvu ndiye anamfuata mnyonge.

Karibu na mama kulikuwa na bakuli jeupe la chuma, na linaonekana katika kamera zote tatu. Kitu cheupe kinapaswa kuwa na nyekundu, kijani na buluu sawasawa. Kipimo cha `Parade` kinaonyesha hizo tatu kutoka 0 mpaka 1023. Katika telefone, bakuli lilikuwa na nyekundu 690, kijani 700, buluu 750. Tulishusha buluu kwa gurudumu la `Gain` mpaka 700, tukapandisha nyekundu kidogo. Canon ilikuwa kinyume, nyekundu 760 na buluu 670, nayo tukaisawazisha hapo hapo kwenye 700. Sony tuliipandisha mwangaza tu.

Bakuli likikaa sawa, udongo nao unarudi. Telefone ikiona udongo wetu mwekundu umejaa kwenye picha, inadhani ni kosa la mwanga, inaongeza buluu, na udongo unakuwa kama majivu. Mtu wa hapa anaona mara moja kwamba hiyo si Ruashi.

Kwa uso tunatazama `Vectorscope`. Ngozi za watu wote, nyeusi na nyeupe, zinaangukia karibu na mstari mmoja. Tofauti yao kubwa ni mwangaza. Basi tunaleta uso karibu na mstari huo, lakini hatuupandishi ili uwe mweupe.

Sura ya filme inakuja mwisho, na inawekwa mahali pamoja kwa picha zote, kwenye `Group Post-Clip`. Tunapinda kidogo juu ya mstari wa `Curves` ili mwanga mkali ufike polepole, tunaacha nyeusi juu kidogo ya sifuri, na `Saturation` inashuka kutoka 50 mpaka 45. Sura za tayari zenye kivuli kizito tunazijaribu kwanza kwenye uso. Kumbuka kwamba kwa miaka mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye mwanamke mweupe. Macho na mikunjo ya mama ikizama katika giza, sura hiyo tunaitoa.

Kuna visivyoponyeka. Mbingu iliyoungua katika telefone ilibaki nyeupe tupu. Mahali pengine rangi iligeuka yenyewe mama alipoinua kitambaa chekundu. Hapo tulifunika kwa picha ya Canon. Siku hizi tunafunga rangi kabla ya kupiga, kwa aplikasio ya Blackmagic Camera, 5600K juani.

Na kuna mpaka. Tunafananisha picha za saa moja tu. Mama alipoongeza maneno siku nyingine asubuhi, mwanga wa asubuhi tuliuacha, na tuliandika tarehe yake chini ya picha. Faili za kwanza tumezihifadhi bila kuguswa, ili yeyote anayebisha aje azitazame.