Wacha Shosho Asikie Kwanza

Wasee, mimi kazi yangu ni kukata kimya. Nikirekodi video, kila mahali nimevuta pumzi napatoa, ndio usichoke ukapita. Sasa fikiria mtu kama huyo anapewa maiki Makongeni, Thika, atambulishe familia, na kila sentensi inatafsiriwa.

Ilikuwa siku ya kuhanda ithigi ya kaka yangu. Sisi ni Waluhya wa Kakamega, tumekulia Ruiru, na familia ya bibi harusi ni Wakikuyu. Vijana wote pale wanajua Kiswahili. Lakini mwenye siku alikuwa shosho, na shosho anasikia Kikuyu tu. Mjomba wa msichana akajitolea kutafsiri. Si mkalimani wa kusomea, hana kalamu wala karatasi, ana masikio tu.

Nilianza hivi: "Sisi ni familia ya kutoka Kakamega lakini tumeishi Ruiru tangu tukiwa wadogo, pale Kihunguro, na aliyetulea ni mama yetu huyu ambaye amekuwa akiuza nguo sokoni miaka hii yote mpaka kaka akamaliza chuo." Hesabu maneno, yanapita thelathini. Mjomba akasema kitu kifupi sana. Nilisikia Kakamega, nikasikia Ruiru, basi. Mama hakuwemo. Mtu asiyeandika hubeba mwanzo wa sentensi na kipande cha mwisho, na mama nilikuwa nimemweka katikati.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja nilipofika kwa baba. Nilisema, "Si kwamba baba yetu hakutaka kuja..." halafu nikanyamaza. Kwa kamera hiyo ni mbinu: unasimama, mtazamaji anangoja. Lakini mjomba akaona kimya, akajua ni zamu yake. "Si kwamba" haina maana mpaka usikie nusu ya pili, kwa hivyo akaiacha, akatafsiri alichokuwa nacho: baba hakutaka kuja. Wazee wakaangaliana. Shosho akauliza kitu kwa sauti, na mama, ambaye Kikuyu cha sokoni anakijua vizuri, akainamisha kichwa. Nikaharakisha: "...ni kwamba alifariki 2014." Mjomba akatafsiri, lakini sasa ilisikika kama kisingizio.

Tukirudi Ruiru kwa matatu hakuna aliyeniongelesha. Siku ya ruracio, mama akasema nitaongea tena. Nilimwambia kaka atafute mtu mwingine, mama akakataa.

Safari hii nilikaa na karatasi. Ile sentensi ndefu nikaivunja: "Sisi tunatoka Kakamega. Tumekulia Ruiru. Huyu hapa ni mama yetu. Ametulea kwa kuuza nguo sokoni." Wazo moja, linalosimama peke yake hata ukikatwa hapo hapo. Na ya baba: "Baba yetu alifariki mwaka wa 2014." Hakuna si kwamba, hakuna ambaye. Nikijaribu kuisoma nusu na inaleta maana mbaya, naiandika upya.

Lakini kufupisha nako kuna mwisho wake, bana. Nilipojaribu nyumbani na dada yangu akijifanya mjomba, vijisentensi vya maneno mawili matatu vilitufanya tuonekane tunarushiana mpira. Nikaunganisha viwili vya kwanza: "Tunatoka Kakamega, lakini tumekulia Ruiru." Maneno kati ya matano na kumi hivi yalimtosha.

Pia nilipunguza. Utambulisho wangu wa kwanza niliupima na simu, dakika mbili. Pale Makongeni ukala karibu tano, kwa sababu kuna tafsiri, kuna maiki moja inayopokezanwa, na kuna watu kucheka mara mbili. Wanaojua Kiswahili wanacheka kwanza, wa Kikuyu wanacheka baadaye. Ukianza sentensi mpya kati ya vicheko hivyo, ya pili inakufunika. Kwa hivyo sentensi kumi na nne nikazifanya tisa, utani nikabakisha mmoja.

Kabla hatujaingia nikamfuata mjomba kando, nikamsomea majina yetu ya Kiluhya pole pole, nikamwonyesha nitakaposimama. Akacheka, akasema ile siku nyingine nilimkimbiza kama matatu ya Githurai.

Kitu cha mwisho nilichobadilisha ni macho. Mara ya kwanza nilikuwa namwangalia mjomba, nikingoja amalize ndio nirukie. Sasa nilimwangalia shosho. Mjomba anaweza kuwa amemaliza na shosho bado hajafika.

Nilisema, "Baba yetu alifariki mwaka wa 2014." Mjomba akatafsiri. Nikanyamaza. Kidole changu kilitaka kukata hicho kimya, nakwambia ukweli. Shosho akatikisa kichwa taratibu, akaongea na mama moja kwa moja, na mama akamjibu kwa Kikuyu chake cha sokoni. Wakaongea hapo kitambo. Hakuna aliyetutafsiria, na mimi nikashikilia maiki chini mpaka wakamaliza.