Kabla Zege Halijamwagwa

Nilikuwa mkaguzi wa majengo katika manispaa moja ya Dar es Salaam mpaka nilipostaafu. Watu wengi walinijua kwa ile alama nyekundu ya X inayopigwa ukutani, lakini muda wangu mwingi niliupitisha nimechuchumaa kando ya mashimo ya misingi, futi kamba mkononi, nikipima vitu ambavyo kesho yake visingeonekana tena. Sehemu nyingine ya kazi, ambayo niliipenda zaidi, ilikuwa kukaa na mwenye nyumba kabla hajanunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Kuongeza nyumba ni jambo gumu kulieleza kuliko kujenga upya. Anayeanza kwenye kiwanja kitupu anajua anahitaji kibali. Anayeongeza chumba anaona nyumba ni yake, ilishapata kibali zamani, na ameishi humo miaka mingi bila kuulizwa. Kumbe kile kibali cha kwanza kiliruhusu jengo lililochorwa kwenye ile michoro, basi. Ukuta wowote mpya nje ya michoro hiyo unaombewa kibali chake.

Namkumbuka mwalimu mmoja mstaafu wa Sinza. Alikuja ofisini na karatasi ya daftari ambayo fundi wake alikuwa ameichora kwa kalamu. Alitaka vyumba viwili na bafu kwa ajili ya kijana wake aliyekuwa anaoa, na jiko jipya ubavuni mwa nyumba. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, nikamwomba hati ya kiwanja kabla ya kuitazama ile karatasi.

"Mwanangu, hati ya nini tena? Nyumba si unaijua?"

"Shikamoo tena, Mwalimu. Nyumba naijua. Nataka tuone kiwanja kinasemaje."

Sinza ilipimwa miaka ya 1970 chini ya mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, na viwanja vingi vya huko ni vidogo: upana mita 12, urefu mita 24, jumla mita za mraba 288. Chake kilikuwa hivyo hivyo, na matumizi yaliyoandikwa ni makazi. Hilo la matumizi nililisoma naye kwanza, kwa sababu wengi wa mtaa ule walianza kwa kusema ni chumba cha mtoto, wakamaliza kwa kufungua fremu za duka barabarani. Kubadili makazi kuwa biashara ni maombi mengine kabisa, na huanzia kwa afisa mipango miji. Kibali cha ujenzi hakiwezi kuyafanya hayo kwa mlango wa nyuma. Mwalimu hakutaka duka, tukaendelea.

Nikamchorea mstatili wa 12 kwa 24, na ndani yake nyumba yake: upana mita 9, urefu mita 11, ikianzia mita 4 kutoka mpaka wa barabarani. Ubavuni ilibaki mita moja na nusu kila upande, na nyuma ilibaki mita 9. Kwa kiwanja chake, nafasi ambazo mipango miji ilitaka ziachwe wazi zilikuwa mita 3 mbele, mita 3 nyuma, na mita moja na nusu kila ubavu. Jiko la fundi lilikuwa limekaa lote kwenye ile mita moja na nusu ya kulia. Palepale likaanguka.

Hakufurahi. Alisema ile njia ya ubavuni haina kazi, inaota majani tu. Nikamweleza kazi zake kwa kuanzia juu. Bati la nyumba yake lilitokeza kama sentimita 60 nje ya ukuta, kwa hiyo uwazi halisi pale juu ulikuwa sentimita 90 tu. Akijenga mpaka kwenye uzio, maji ya paa yanamwagikia kwa jirani. Moto ukianza jikoni, hakuna pengo la kuuzuia usivuke, wala njia ya mtu kupita na ndoo kwenda nyuma. Vyumba viwili vya upande ule vingepoteza madirisha. Halafu nikamuuliza karo lake liko wapi. Akasema nyuma, kwenye kona ya kulia. Na bomba la gari la majitaka hupita wapi? Alinyamaza kidogo, akaivuta ile karatasi ya fundi, akaikunja.

Sheria ya mipaka watu huiona kama ukuta wa serikali, lakini karibu kila sentimita yake ina sababu ya namna hii. Ndiyo maana sikupenda kumtajia mtu namba peke yake. Ukimpa namba bila sababu, anakwenda kumtafuta mtu wa kumpunguzia.

Siku iliyofuata tulitembea kiwanjani na mpima, kutafuta bikoni. Hapa ndipo watu wengi huumia. Mwalimu alikuwa akipima kutoka kwenye ukuta wa uzio, na kushoto alipata mita 1.9. Akawaza kusogeza chumba kipya sentimita 40 upande ule. Mpima alipofukua bikoni, tukaona kuwa uzio ulikuwa umejengwa ndani ya kiwanja cha jirani kwa sentimita 40 hizo hizo. Waliujenga wazee wawili kwa maelewano, na wote wawili walikuwa wameshafariki. Uzio hauthibitishi mpaka. Mpaka uko kwenye jiwe lile la zege lenye namba, na kwenye ramani ya upimaji.

Basi tukapata pa kujenga: nyuma, upande wa kushoto, mbali na karo. Jengo jipya likawa mita 5 kwenda nyuma na mita 4.5 kwa upana, chumba kimoja kikubwa na bafu badala ya viwili. Nyuma yake zilibaki mita 4, zaidi ya zile 3 zilizotakiwa. Nyumba ya zamani ilifunika mita za mraba 99, hii ikaongeza 22.5, jumla 121.5, yaani kama asilimia 42 ya kiwanja. Kwa ujazo hakukuwa na tatizo. Dirisha la chumba cha kulia chakula, ambalo lingezibwa na jengo jipya, mchoraji alilihamishia ukuta wa ubavuni.

Alipeleka michoro iliyotofautisha wazi ukuta wa zamani na mpya, nakala ya hati, risiti ya pango la ardhi na fomu. Michoro ilipita kwa afisa ardhi, mipango miji, afya na mhandisi. Walimrudishia mara moja kwa sababu bomba la bafu jipya halikuonyeshwa linaingia wapi kwenye karo. Likachorwa, kibali kikatoka.

Sasa ukaguzi. Nilimwambia Mwalimu asishike hatua kichwani kwa majina. Ashike jambo moja: mkaguzi anaitwa kabla kitu hakijafunikwa. Kamba zikishapigwa na kabla ya kuchimba, tunapima umbali kutoka kwenye bikoni. Shimo likishachimbwa na nondo kufungwa, kabla ya zege. Kifusi kikishashindiliwa na nailoni kutandikwa, kabla ya jamvi. Nondo za linta kabla hazijamwagiwa. Kenchi kabla ya bati na dari. Bomba la majitaka kabla ya kufukiwa. Ukikosa kuita, mkaguzi ana haki ya kusema pafunguliwe, na gharama ya kufungua ni yako.

Kwenye msingi nilikaa muda mrefu kuliko pote. Nyumba ilikuwa upande wa bondeni, kuelekea Mto Ng'ombe, na udongo ulikuwa wa mfinyanzi, ambao huvimba masika na kunywea kiangazi. Fundi alikuwa amechimba mtaro mpya kufuata ukuta wa zamani, wote kwa mpigo, na kwenye kona amekwenda chini kuliko msingi wa zamani. Nilimsimamisha. Ukichimba chini ya msingi uliokwisha kubeba nyumba, udongo unaoushika unatoka pembeni, na nyumba inashuka bila kukuaga. Tukakubaliana pale kwenye maungio achimbe vipande vifupi vifupi, usawa wa msingi wa zamani, amwage zege kipande kimoja na kukiacha kikaze kabla ya kufungua kingine.

Nondo zake zilikuwa nzuri, ila zimelala juu ya udongo. Nondo iliyogusa udongo hupata unyevu, ikashika kutu, kutu ikavimba, zege likapasuka. Niliomba zikalishwe juu ya vipande vya zege vya sentimita 5. Mahali nondo mbili za milimita 12 zinapoungana, nilimtaka azipishanishe nusu mita na kuzifunga kwa waya, maana alikuwa amezigusanisha ncha tu.

Kisha lile la kuunganisha kuta. Fundi alitaka kutoboa tofali za zamani na kuingiza mpya ili nyumba iwe kitu kimoja. Nyumba ya zamani ilikuwa imeshakaa chini miaka mingi; mpya ilikuwa haijaanza kushuka. Ukizifunga kwa nguvu, mpya ikishuka milimita chache panapasuka pale pale. Mhandisi alichora uwazi mwembamba uliojazwa kitu laini na kufunikwa kwa ukanda, toka msingi hadi paa. Nilimwonyesha Mwalimu namna ya kusoma ufa kwa nyumba za jirani yake: ufa wa wima kwenye maungio, uliopanuka juu na kufinyika chini, maana yake sehemu mpya inainama kwenda nje, na msingi wake ndio wa kutazamwa. Ufa wa plasta wenye unene wa unywele, usiokua, si wa kumkosesha usingizi. Apige mstari wa penseli kwenye ncha ya ufa na aandike tarehe, aone kama utauvuka mstari.

Linta na kenchi zilipita haraka. Kwenye bomba la majitaka nilimwaga ndoo ya maji bafuni, nikasimama kwenye chemba kuona yanafika upesi kiasi gani. Mwisho nililinganisha jengo na michoro yenye muhuri, dirisha kwa dirisha, ndipo kikaandikwa cheti cha kutumia jengo. Nilimshauri akiweke pamoja na hati, kwa sababu benki na mnunuzi watataka kuona mita za mraba zilizopo zinalingana na zilizoruhusiwa.

Kijana wake, siku ile ya cheti, aliniuliza kama miaka ijayo wanaweza kupandisha ghorofa juu ya chumba kile. Tangu jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30, swali hilo sikulijibu tena kwa kukisia hata kwa rafiki. Msingi ule ulikuwa umekokotolewa kwa jengo la chini na bati lake, na ndivyo kilivyosema kibali. Nilimwambia kwamba siku akiwa na fedha, aanze kwa mhandisi, wafukue msingi sehemu mbili, wapime upana wake na udongo ulio chini yake, na michoro ya nondo za ghorofa iingie manispaa kama maombi mapya. Aliandika hayo nyuma ya bahasha ya cheti.