Dakika Tano Zilizobaki

Barua ya kuomba ufadhili ina aya moja ngumu: kwa nini mwalimu wa fizikia wa Kariakoo akasomee ukuzaji wa mitaala ng'ambo? Nimeijibu kwa hesabu ya somo moja, kanuni ya Ohm.

Darasani nina wanafunzi 60 na ameta mbili. Nikiwagawa katika makundi 10, ni makundi mawili tu yanayopima kwa wakati mmoja, na kila kundi huhitaji dakika 15 kuunga saketi, kubadili volti na kusoma mkondo. Hizo ni zamu tano, yaani dakika 75. Vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Zinabaki tano za kuchora grafu na kujadili kwa nini mstari umenyooka.

Mtaala wa sekondari wa 2005 ulituelekeza kwenye umahiri: mwanafunzi atende, apime, afikiri. Ameta zaidi zingepunguza foleni, ila idadi ya vipindi vya kila mada hupangwa kwenye muhtasari wa somo, unaoandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ndiyo maana sikuomba vifaa. Nimeomba kujifunza namna ya kuijaribu mada katika shule chache, saa mkononi, kabla haijaenda nchi nzima.

Dada yangu alisoma rasimu akauliza, "Ukirudi, nani atakusikiliza?"

Jibu nimeliandika mwishoni: nitaanza darasani, nipime upya zile dakika 80, ndipo nikabishe hodi Mikocheni na jedwali mkononi.